Tarajio la tredi: kupima makali halisi ya mkakati kwa rekodi yako mwenyewe

Mtoto wa ndugu yangu alinijia barazani baada ya alasiri, muuza kahawa akiwa bado anagonga vikombe vyake kona ya pili. Simu mkononi, uso unang'aa. "Ami, nimetoka dola 300 hadi 336.90 kwa miezi mitatu. Mkakati umekubali. Nataka kuongeza loti."

Faida ya asilimia 12 kwa miezi mitatu si kitu cha kubeza. Nikamwambia salio halinihusu, anionyeshe tredi moja moja. Zilikuwa 40, zote za EURUSD, yaani yuro kwa dola, na zote kwa kanuni moja: London ikifungua, anasubiri bei ivunje kiwango cha juu au cha chini cha usiku, anaingia, stoplosi pipsi 15, shabaha mara mbili ya hiyo. Tredi isiyofika shabaha hadi saa kumi alasiri inafungwa hapo ilipo. Zilizoshinda 18, zilizopoteza 22.

Swali letu jioni ile lilikuwa moja: je, tredi hizi 40 zinaonyesha kwamba kanuni hiyo ina makali, yaani inaleta faida yenyewe, au zinaonyesha kwamba kijana alipata bahati? Nitaipitia kazi ile hatua kwa hatua kama tulivyoifanya, kwa namba zile zile. Ukiwa na rekodi yako, fuata na yako pembeni.

Tarajio ni nini hasa

Chukua mtu anayenunua maembe Kongowea alfajiri na kuyauza barabarani. Siku 7 kati ya 10 anamaliza mzigo na kubaki na shilingi 800. Siku 3 mvua inanyesha au maembe yanaiva kupita kiasi, anapoteza shilingi 2,500. Ukimuuliza, atakwambia biashara ni nzuri, kwani siku nyingi anarudi na pesa. Lakini kwa siku 10 ameingiza 5,600 na kupoteza 7,500. Kila siku anayotoka nyumbani inamgharimu, kwa wastani, shilingi 190.

Hiyo 190 hasi ndiyo tarajio. Kwa tredi tunaiandika hivi:

```
E = (S × F) − (P × H)
```

S ni sehemu ya tredi zilizoshinda, F ni wastani wa faida kwa tredi iliyoshinda, P ni sehemu ya zilizopoteza, na H ni wastani wa hasara. Kwa muuza maembe: 0.7 × 800 toa 0.3 × 2,500, unapata −190. Ni kitu kile kile ukichukua jumla ya faida na hasara zote ukaigawa kwa idadi ya tredi. Fomula ndefu ina faida moja tu, inakuonyesha pesa inatoka upande gani.

MetaTrader inakufanyia hesabu hii bila kuombwa. Kwenye kompyuta fungua sehemu ya `History`, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, chagua `Report`, na chini kabisa utaona mstari ulioandikwa `Expected Payoff`. Yake ilisoma 0.92, yaani senti 92 za dola kwa kila tredi. Watu wengi huishia hapo, wakaamini kwamba tredi 1,000 zijazo zitawaletea dola 920. Namba ile ni sahihi kama hesabu, lakini haijakwambia chochote kuhusu kanuni.

Kusanya tredi zote, na uziunganishe inavyostahili

Zote maana yake zote. Ile uliyoifunga kwa woga baada ya dakika tatu imo. Ile ya "kujaribu tu" imo, maadamu uliingia kwa kanuni. Za demo ziweke karatasi yake, usizichanganye na za pesa halisi, kwa sababu demo haikuonyeshi bei inavyoteleza wakati wa habari kubwa.

Ukifunga nusu ya tredi mapema na nusu baadaye, ripoti itaonyesha mistari miwili. Hiyo ni tredi moja, jumlisha. Ukiiacha kama mbili unajiongezea idadi ya ushindi bure. Vivyo hivyo, ukinunua EURUSD na GBPUSD dakika ile ile kwa sababu ile ile, zote mbili zinategemea dola ishuke. Kwa hesabu ya ushahidi hizo ni karibu na tredi moja kuliko mbili. Kijana wangu alikuwa na jozi moja tu, kwa hiyo hilo tulilivuka haraka.

Geuza dola kuwa R

Hapa ndipo akaunti yake ilipoanza kusema ukweli. Tredi 39 alizifungua kwa loti 0.02. Moja, na moja tu, aliifungua kwa 0.05 kwa sababu siku hiyo "alihisi". Hiyo moja ilimpa dola 46.50. Faida yote ya akaunti ni 36.90. Toa, utaona kwamba zile 39 nyingine kwa pamoja zimekula dola 9.60.

Dola zinachanganya vitu viwili, kanuni ya kuingia na ukubwa wa loti uliyochagua siku ile. Ili kuvitenganisha, kila tredi tunaipima kwa hatari yake yenyewe. Kiasi ambacho ungepoteza stoplosi ya mwanzo ikiguswa kinaitwa R moja. Kwa EURUSD, loti 0.02 ni senti 20 kwa kila pipu, kwa hiyo pipsi 15 ni dola 3. Tredi iliyoleta dola 5.70 ni 1.9R. Iliyopoteza dola 3.30 ni −1.1R. Ile ya loti 0.05 ilikuwa na R ya dola 7.50, kwa hiyo 46.50 yake ni 6.2R.

Neno "ya mwanzo" lina uzito. Ripoti mara nyingi inabaki na stoplosi ya mwisho, ile uliyoisogeza tredi ikiwa wazi. Ukiisogeza hadi bei uliyoingilia kisha ukapima R kwa hiyo, unagawa kwa sufuri. Kwa hiyo stoplosi ya mwanzo iandike kwenye daftari dakika unayoingia. Sikuamini kama kijana ameandika, lakini alikuwa nalo, daftari la shule la kurasa 48, limeshika mafuta ya viazi karai kwenye jalada.

Kwenye karatasi ya hesabu, ukiwa na bei ya kuingia safu ya C, stoplosi ya mwanzo D, loti E, na faida halisi ya dola F, R moja inakaa G na matokeo ya tredi kwa R yanakaa H:

```
G2:  =ABS(C2-D2)*E2*100000
H2:  =F2/G2
```

Hii ni kwa jozi zinazoishia na USD. Kwa zinazoishia na JPY, jibu la G litatoka kwa yeni na utalazimika kuligeuza kuwa dola kwanza.

Tulipomaliza safu ya H na kujumlisha, zilizoshinda zilileta 27.0R, zilizopoteza 24.0R. Baki 3.0R kwa tredi 40, yaani tarajio la 0.075R. Angefanya zote kwa loti 0.02, akaunti ingekuwa na faida ya dola 9, si 36.90. Zile 27.90 za juu zilitoka kwa hisia ya siku moja.

Gharama: hesabu mara moja, wala isipungue hapo

Kijana alishangaa, kwa sababu daftari lake lilikuwa na jumla ya 7.0R, yaani 0.175R kwa tredi. Tofauti ilitoka wapi?

Alikuwa anapima kwenye chati. Chati ya MetaTrader kwa kawaida inachora bei ya `Bid` pekee. Ukinunua unaingia kwa `Ask`, iliyo juu kidogo, na ukiuza unatokea kwa `Ask`. Pengo hilo ndilo spredi, nalo halionekani kwenye mishumaa. Ongeza kamisheni na kuteleza kidogo kwa bei, na kila tredi yake ilimgharimu takriban pipsi 1.5. Stoplosi ni 15, kwa hiyo ni 0.1R kila anapobonyeza. Mara 40, ni 4R. Ndiyo tofauti kamili kati ya 7 na 3.

Kwa hiyo fanya kazi na faida ya akaunti, si ya chati. Spredi tayari imo ndani ya safu ya faida, usiitoe mara ya pili. Kamisheni na `Swap` ziko safu zake pekee, hizo ndizo za kutoa. Hapa kwetu wengi tunatumia akaunti zisizo na swap kwa sababu ya riba, na madalali wengine hufidia kwa ada ya usiku yenye jina jingine au kwa spredi pana zaidi. Tazama taarifa ya akaunti, ada hiyo haikosi mstari wake.

Na tazama jinsi gharama inavyotegemea umbali wa stoplosi. Pipsi 1.5 kwenye stoplosi ya pipsi 60 ni 0.025R, huisikii. Kwenye stoplosi ya pipsi 5 ni 0.3R, na sijaona kanuni nyingi za kuvunja kiwango zinazobeba mzigo huo. Anayehama kutoka chati ya saa kwenda chati ya dakika moja kwa kanuni ile ile aanze na hesabu hii.

Hesabu, kisha ung'oe tredi moja

Ukiwa na safu ya H, mistari hii inatosha:

```
Tarajio:          =AVERAGE(H2:H41)
Sehemu ya ushindi:=COUNTIF(H2:H41,">0")/COUNT(H2:H41)
Wastani wa faida: =AVERAGEIF(H2:H41,">0")
Wastani wa hasara:=AVERAGEIF(H2:H41,"<0")
Bila kubwa:       =(SUM(H2:H41)-MAX(H2:H41))/(COUNT(H2:H41)-1)
```

Kwake: ushindi 0.45, wastani wa faida 1.5R, wastani wa hasara karibu 1.09R. Kwa viwango hivyo, ili asipate wala asipoteze anahitaji kushinda 1.09 gawa kwa 2.59, yaani asilimia 42. Yeye yuko 45. Kwa tredi 40 hiyo ni tofauti ya tredi moja. Moja tu ya zile 18 ingegeuka kuwa hasara, 2.59R zingeondoka, na 3.0R yake ingebaki chini ya nusu R.

Mstari wa mwisho ndio uliomnyamazisha. Ukiondoa ile ya 6.2R, zilizobaki 39 zina tarajio la −0.08R.

Sisemi kwamba tredi kubwa si halali. Kuna mikakati ya kufuata mwelekeo ambayo inaishi kwa tredi kubwa chache kwa mwaka, na kuzing'oa ni kuikata miguu. Lakini mikakati hiyo imeandikwa ili izikamate. Ya kijana ina shabaha ya 2R, ambayo baada ya gharama ni 1.9. Basi 6.2R imetoka wapi?

"Ami, siku ile sikuweka shabaha, nilikuwa nifunge kwa mkono. Stima ikapotea Kisauni, na simu ilikuwa haina chaji."

Bei iligusa 2R saa nane mchana. Yeye yuko gizani. Saa kumi na nusu zikatoka takwimu za mfumuko wa bei za Marekani, bei ikaruka, na stima iliporudi magharibi alikuta pipsi 94 na nusu za chati. Alifunga akishukuru Mungu. Hiyo ni riziki yake na halali yake, ila si kazi ya kanuni.

Kanuni ni moja, mtu ni mwingine

Kwa hiyo kuna tarajio mbili za kupima. Moja ni ya kanuni kama ilivyoandikwa. Nyingine ni ya wewe unavyoitekeleza. Ukiona zimeachana sana, unajua tatizo liko wapi.

Kwa rekodi ile, tredi mbili zilikiuka kanuni waziwazi. Ya kwanza ni hiyo ya stima. Ya pili ilikuwa hasara ya 2.5R. Bei ilikaribia stoplosi, akaisogeza mbali, ikaigusa na huko. Kwa kuwa tuna uhakika ni wapi kila moja ingeishia, tuliandika safu nyingine: 1.9 badala ya 6.2, na −1.1 badala ya −2.5. Jumla mpya ni 0.1R kwa tredi 40. Kwa maneno mengine, sufuri.

Fanya masahihisho haya pale tu chati inapokupa jibu lisilo na ubishi, na uyafanye pande zote mbili. Mtu akiniletea rekodi iliyosahihishwa hasara tu, huwa sisomi zaidi. Kulikuwa na hasara nyingine ya 1.6R ambapo stoplosi iliguswa katikati ya habari na bei ikateleza. Hiyo kijana aliomba tuisahihishe pia. Nilikataa, kwa sababu hakuvunja kanuni yoyote. Kuteleza kwa bei ni sehemu ya maisha ya kanuni hiyo.

Namba yako ina upana gani

Tuseme huna tredi ya stima na tarajio lako ni 0.075R safi. Je, ni halisi? Tredi 40 ni kombe moja la maji kutoka Kilindini. Ungeteka tena, usingepata namba ile ile. Tunataka kujua ingeyumba kiasi gani.

Njia ninayoipenda kuonyesha ni ya karatasi. Tulikata vipande 40, kila kimoja kikaandikwa R ya tredi moja, tukavitia kwenye bakuli. Unachota kimoja, unaandika, unakirudisha, unatikisa. Mara 40. Unapiga wastani. Hiyo ni miezi mitatu ambayo ingeweza kutokea. Kisha unaanza upya. Raundi ya kwanza alipata hasi. Ya pili chanya kubwa, kwa sababu kile kipande cha 6.2 kilitoka mara tatu. Ya tatu hakikutoka kabisa, na wastani ukazama. Kipande chochote kimoja kina nafasi ya zaidi ya theluthi moja ya kutotoka hata mara moja katika kuchota 40, na hapo ndipo unaona kwa mkono wako maana ya faida iliyoning'inia kwenye tredi moja.

Karatasi ya hesabu inafanya hivyo bila kuchoka. Nakili huu kwenye seli 40, chukua wastani, na uruhusu ijihesabu upya mara mia kadhaa:

```
=INDEX($H$2:$H$41,RANDBETWEEN(1,40))
```

Njia ya mkato ni kosa sanifu, yaani mkengeuko wastani wa R zako gawa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya tredi:

```
=STDEV(H2:H41)/SQRT(COUNT(H2:H41))
```

Kwa rekodi yake mkengeuko ni 1.60, kipeuo cha pili cha 40 ni karibu 6.32, kwa hiyo kosa sanifu ni 0.25R. Chukua tarajio, ongeza na utoe kosa sanifu mara mbili. Unapata kati ya −0.43R na +0.58R. Makali halisi ya kanuni yanaweza kuwa popote humo, na upande wa hasi umo vizuri sana. Kwa njia ya bakuli utaona vivyo hivyo, karibu mara 4 kwa kila 10 wastani unatoka chini ya sufuri.

Kijana akauliza swali zuri: "Basi zinahitajika ngapi?" Geuza hesabu. Ili tarajio liwe sawa na kosa sanifu mara mbili, idadi inayotakiwa ni mkengeuko mara mbili, gawa kwa tarajio, kisha kipeo cha pili chake yaani ujizidishe wenyewe. Kwa 0.075R na mkengeuko wa 1.6, ni zaidi ya tredi 1,800. Kwa mwendo wake wa tredi 13 kwa mwezi, ni zaidi ya miaka 11. Kwa kanuni yenye 0.3R na mkengeuko huo huo, zinatosha 114. Makali madogo yanahitaji sampuli kubwa kupita kiasi, na kwa sababu hiyo ule usemi wa "tredi 30 zinatosha" haunishiki. Zinatosha kugundua balaa, si kuthibitisha makali madogo.

Je, zote 40 ni kitu kimoja?

Kosa sanifu linadhani kila tredi imetoka bakuli moja. Tulipopanga kwa tarehe nikaona jambo. Rekodi inaanza Februari na kuishia Aprili, na saa ya kuingia ni baada ya saa tano asubuhi mwanzo hadi mwisho.

Sisi Mombasa hatubadilishi saa. Waingereza wanabadilisha, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Majira ya baridi, saa mbili asubuhi ya London ni saa tano yetu. Baada ya Machi, ni saa nne yetu. Kijana aliendelea kukaa mbele ya simu saa tano, London ikiwa imeshafungua saa nzima na mara nyingi kiwango cha usiku kimeshavunjwa. Tredi zake za Aprili si za kuvunja kiwango wakati wa kufungua. Ni kanuni nyingine iliyovaa kanzu ya ile ya kwanza.

Hizo lazima zitolewe ziwekwe kando, hata kama zimeshinda. Na sampuli inapungua, upana unaongezeka. Tazama rekodi yako kwa mabadiliko ya aina hii: broka mpya, stoplosi mpya, simu badala ya kompyuta, saa tofauti. Chora pia mstari wa R zilizojumlishwa tangu tredi ya kwanza. Ukiona unapanda nusu ya kwanza na kulala nusu ya pili, wastani mmoja wa yote hausemi juu ya leo.

Mtego wa kuchagua Jumatatu

Alipoona namba zinazama, kijana alianza kuchuja. "Ami, tredi za Jumatatu ziko 8 na zimepoteza 3.7R. Tukiziondoa, zilizobaki 32 zina 0.21R!"

Hesabu ni kweli. Lakini kwa nini Jumatatu? Kwa sababu ndiyo iliyopoteza. Angekuta Alhamisi imepoteza, angetoa Alhamisi. Siku tano, kununua au kuuza, nusu ya kwanza ya saa au ya pili, ukikata kwa njia za kutosha lazima utapata kipande kinachong'aa. Ili kuona ukubwa wa mtego, chukua kanuni 20 zisizohusiana, zote zisizo na makali yoyote, kila moja na tredi 40 na kosa sanifu la 0.25R. Ile itakayoongoza kwa bahati tupu itaonyesha, kwa wastani, karibu 0.47R. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya alichopata kwa kufukuza Jumatatu.

Kama unaamini Jumatatu ina sababu yake, andika leo kwamba hutaingia Jumatatu, kisha hesabu tredi za kuanzia kesho tu. Zile za zamani zimekupa wazo, haziwezi tena kulithibitisha. Ukiwa na rekodi ndefu, igawe kwa tarehe: sehemu ya kwanza ya kutafutia wazo, ya pili usiifungue hadi kanuni iwe imeandikwa, na uifungue mara moja.

Tulichoandika ukurasa wa mwisho wa daftari

Loti inabaki 0.02. Saa ya kuingia inafuata London, si ukuta wa nyumbani. Shabaha na stoplosi zinawekwa zote mbili papo hapo wakati wa kuingia, hata stima ikiwepo. Jumatatu inabaki, kwa sababu hatuna hoja ya kuitoa.

Kisha tukaweka kipimo kabla ya kuona matokeo. Ukizibadilisha zile tredi mbili zilizokiuka, mkengeuko unashuka hadi 1.24, kwa hiyo baada ya tredi 100 mpya kosa sanifu litakuwa karibu 0.12R. Tarajio likiwa juu ya 0.25R, ataongeza loti hadi 0.03. Likiwa chini ya sufuri, anaiacha kanuni. Likiwa katikati, anaendelea na 0.02 hadi 200 na kupima tena, na hapo kosa sanifu litakuwa limeshuka hadi 0.09R tu, kwani kuzidisha tredi mara mbili hakupunguzi upana kwa nusu.

Wiki iliyopita alikuwa tredi ya 31. Wastani ni 0.11R, kosa sanifu 0.22. Alinitumia picha ya karatasi bila neno lolote, na mstari wa loti umesomeka 0.02 kutoka juu hadi chini.